Joto fiche la mvukizo

Joto fiche la mvukizo ni joto linalogeuza maji yanayochemka kuwa mvuke bila kuyaongezea nyuzijoto hata moja. Linaitwa fiche kwa sababu kipimajoto hakilioni: kuni zinawaka, sufuria inatokota, na kipimo kimesimama palepale. Joto hilo halijapotea. Limetumika kuzitenganisha molekuli za maji zilizokuwa zimeshikana, na mvuke unapogeuka kuwa maji tena hulitoa lote, hapohapo unapogeukia.

Mfano wa karibu ni sufuria ya githeri kwenye mafiga huko Ruiri, kaskazini mwa mji wa Meru. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya maji hayangoji nyuzi 100 kama pwani. Mahali penye mwinuko wa mita 1,500 huchemka yakifika nyuzi 95 hivi. Tuseme maji ya nyuzi 20 yamechukua dakika 10 kuchemka. Moto ukibaki vilevile, yatachukua zaidi ya saa moja kukauka, kwa kuwa kila gramu ilihitaji jouli 315 tu kufikia nyuzi 95, lakini inataka jouli 2,270 nyingine ili iondoke kama mvuke. Joseph Black alifanya jaribio la namna hii huko Glasgow mwaka 1762: maji yake yalichemka baada ya dakika 4 na kukauka baada ya dakika 20 zaidi. Kwa mpishi, maana yake ni kwamba kuongeza kuni sufuria ikishachemka hakuivishi maharagwe mapema. Kunakausha maji tu.

Sasa mpishi anafunua sufuria. Gramu moja ya maji ya nyuzi 95 ikimrukia mgongoni mwa mkono na kupoa hadi joto la ngozi, inampa jouli 250 hivi. Gramu moja ya mvuke wa nyuzi 95 zilezile inampa kwanza zile 2,270 inapogeuka maji, kisha hizo 250 maji hayo yanapopoa. Jumla ni jouli 2,520, yaani mara kumi. Ngozi ya mgongo wa mkono ina uzito wa gramu 15 hivi. Kwa kukadiria, jouli 250 zikienea kote zitaipandisha nyuzi 5, naye atashtuka tu. Lakini hata nusu ya ule mvuke ikigeukia hapo, ngozi itapanda zaidi ya nyuzi 20 na kukaribia 60, kiwango kinachotosha kuibabua kwa sekunde chache.

Zaidi ya hayo, mvuke huelekea penye baridi. Ukigusa ngozi hugeuka tone, na tone huchukua nafasi ndogo mno kuliko mvuke uliolizaa. Pengo linalobaki huvuta mvuke mwingine palepale. Nguo nayo si kinga ya kutegemea. Mvuke hupenya kwenye sweta, hugeuka maji humo ndani, na sufu iliyolowa maji moto hukaa imegandamana na mkono hata baada ya mpishi kuuondoa. Hewa kavu ya oveni haina tabia hizi, ndiyo maana mtu huweza kuingiza mkono kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa muda mfupi, akichunga tu asiguse chuma.

Wengi huogopa sehemu isiyo ya hatari zaidi. Lile wingu jeupe juu ya sufuria si mvuke tena. Ni vitone vya maji ambavyo vimeshatoa sehemu kubwa ya joto lao hewani. Mvuke wenyewe hauonekani. Tazama mdomo wa birika linalochemka: kati ya mdomo na wingu kuna nafasi inayoonekana tupu, na hapo ndipo mtu huungua. Chini ya kifuniko pia mvuke umejaa bila hewa ya kuupunguza makali, kwa hiyo wapishi wazoefu huinua kwanza ukingo ulio mbali nao, utokee upande wa pili.

Hesabu ya mara kumi, hata hivyo, ni ya gramu kwa gramu, na hapo vitabu vingi vya shule huishia mapema. Mvuke ni mwepesi: gramu moja hujaza takriban lita mbili, kwa hiyo nafasi ya lita mbili chini ya kifuniko haina zaidi ya gramu hiyo moja mpaka maji yatoe mwingine. Kikombe cha maji yanayochemka kina gramu 250. Mengi yake yatachuruzika kabla ya kupoa, lakini kikimwagikia mguu wa mtoto, kinaweza kumuunguza vibaya kuliko mvuke wote uliotoka sufuria ilipofunuliwa.