Kontoauszug (taarifa ya akaunti ya benki ya Ujerumani)

Kontoauszug ni taarifa ya akaunti inayotolewa na benki za Ujerumani ikionyesha fedha zilizoingia, zilizotoka, ada na salio. Huchapwa kwenye mashine iliyopo tawini, hutumwa kwa posta, au huwekwa kama faili ya PDF kwenye programu ya benki. Wanafunzi, wauguzi na wafanyakazi wengine kutoka Afrika Mashariki hukutana nayo miezi ya mwanzo ya kuishi huko, kwa sababu mshahara, kodi ya nyumba na bima ya afya kwa kawaida hupitia akaunti. Maelezo yake ni mafupi mno, lakini yamepangwa kwa utaratibu. Vifupisho vyake vinaonyesha nani aliyeanzisha malipo, na hilo ndilo linaloamua kama mwenye akaunti anaweza kuzirudisha fedha zake.

## Namba na alama

Nukta hutenganisha maelfu na mkato hutenganisha senti, kinyume cha ilivyozoeleka Tanzania na Kenya. Kwa hiyo *1.104,60* ni euro elfu moja mia moja na nne na senti sitini. Herufi *H* (Haben) baada ya kiasi huonyesha fedha iliyoingia, au salio lililo upande wa mteja. *S* (Soll) huonyesha fedha iliyotoka, na ikifuata salio maana yake akaunti inadaiwa. Benki nyingine hutumia alama za kujumlisha na kutoa badala ya herufi hizo.

Kila mstari una tarehe mbili. *Bu.Tag* (Buchungstag) ni siku benki ilipoandika muamala kwenye hesabu. *Wert* au *Valuta* ni siku ambayo fedha inaanza kuhesabiwa kwa ajili ya riba. Hakuna kati ya hizo ambayo lazima iwe siku mteja aliyonunua kitu.

## Aina za muamala

Neno la kwanza kwenye mstari hutaja aina ya muamala, na ndilo la kusomwa kabla ya jina la kampuni na kabla ya kiasi.

*Überweisung* ni uhamisho ulioagizwa na mwenye akaunti mwenyewe. *Dauerauftrag* ni agizo la kudumu, mathalani kodi ya nyumba inayotumwa kila mwanzo wa mwezi. Nalo limewekwa na mwenye akaunti, na halikomi mpaka alifute. Mtu aliyehama nyumba bila kulifuta ataendelea kumlipa mwenye nyumba wa zamani, na benki haitakuwa na kosa. Fedha ya aina hizi mbili ikishafika, hurudi kwa hiari ya aliyeipokea.

*Lastschrift* ni kinyume chake. Hapa anayedai ndiye anayeanzisha: kampuni ya simu, bima au ukumbi wa mazoezi huiambia benki ikate fedha, kwa nguvu ya idhini aliyoitoa mteja siku ya mkataba. Idhini hiyo huitwa *Mandat*. Makato ya mara moja huandikwa *Einmallastschrift*, ya kwanza katika mfululizo *Erstlastschrift*, na yanayofuata *Folgelastschrift*. Tangu Novemba 2016 si lazima makato ya kwanza yatambulishwe kuwa ya kwanza, kwa hiyo mtu anaweza kuona *Folgelastschrift* kutoka kwa kampuni ambayo haijawahi kumkata.

*Kartenzahlung* ni malipo ya kadi dukani. *Gutschrift* ni fedha iliyoingia.

## Vifupisho vyenye alama ya kujumlisha

Chini ya aina ya muamala hufuata maelezo yanayoanza kwa herufi nne na alama ya kujumlisha. Yalienea pamoja na mfumo wa malipo wa Ulaya, SEPA, uliochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa Ujerumani mwaka 2014.

- *SVWZ+* ni sababu ya malipo, yenye herufi zisizozidi 140.
- *EREF+* ni kumbukumbu aliyoiweka aliyeanzisha malipo. Neno *NOTPROVIDED* linamaanisha kwamba hakuweka yoyote. Si dalili ya hitilafu.
- *MREF+* ni namba ya idhini ya makato.
- *CRED+* ni namba ya utambulisho wa mdai. Kwa wadai wa Ujerumani ina herufi na tarakimu 18, ikianza na DE, na hutolewa na Benki Kuu ya Ujerumani.
- *ABWA+* huonyesha kwamba malipo yameanzishwa kwa niaba ya mtu au kampuni nyingine.

Jina lililoandikwa kwenye mstari laweza kuwa la kampuni ya kukusanya malipo ambayo mteja hajawahi kuisikia. Hapo *MREF+* na *CRED+* ndizo za kufuatwa: namba hizohizo hupatikana kwenye mkataba, au kwenye barua iliyotangaza makato.

Katika taarifa nyingi maelezo haya hukatwa vipande vya herufi 27, kwa hiyo neno au namba huvunjika katikati na kuendelea mstari unaofuata. Namba iliyovunjika isomwe kwa kuunganishwa, bila nafasi.

## Mfano

Taarifa ifuatayo ni ya kubuni. Inaonyesha Novemba 2024 ya mwanafunzi anayepokea fedha ya kila mwezi kutoka akaunti yake iliyozuiwa (*Sperrkonto*).

```
Bu.Tag Wert   Vorgang                        EUR
              Alter Kontostand          112,60 H
04.11. 04.11. Gutschrift                992,00 H
              SVWZ+Sperrkonto 11/2024
04.11. 04.11. Dauerauftrag              385,00 S
              SVWZ+Miete 11/2024
11.11. 11.11. Kartenzahlung              23,45 S
              SVWZ+2024-11-09T17:42
              Debitk.1 2027-12
15.11. 15.11. Folgelastschrift           55,08 S
              Rundfunk ARD, ZDF, DRadio
              MREF+... CRED+DE...
29.11. 29.11. Entgeltabschluss            6,90 S
              Neuer Kontostand          634,17 H
```

Euro 992 ndicho kiasi cha mwezi kilichowekwa kwa wanafunzi wa kigeni tangu Septemba 2024, sawa na 11.904 kwa mwaka. Siku hiyohiyo agizo la kudumu limelipa kodi ya nyumba (*Miete*).

Mstari wa kadi huwatisha wengi, kwa kuwa mwanafunzi hakwenda dukani tarehe 11. Siku halisi imo ndani ya maelezo: tarehe 9, saa 11:42 jioni, ambayo ilikuwa Jumamosi. Benki imeiandika Jumatatu. Namba *Debitk.1* ni mfuatano wa kadi, na *2027-12* ni mwezi wa mwisho wa kadi hiyo kutumika. Si tarehe ya makato yajayo.

Euro 55,08 ni ada ya utangazaji (*Rundfunkbeitrag*), euro 18,36 kwa mwezi tangu Agosti 2021, hapa ikikatwa kwa miezi mitatu pamoja. Hutozwa kwa kila nyumba, iwe ina televisheni au haina. Wanaoishi pamoja hulipa ada moja, na ndiyo maana jina la mmoja tu huonekana kwenye makato. Mwenye kudhani ni wizi akayarudisha makato haya hajafuta deni. Atapokea barua ya madai yenye nyongeza.

Mstari wa mwisho, *Entgeltabschluss*, ni ada ya benki yenyewe.

## Ada za benki

Ada ya kutunza akaunti huitwa *Kontoführungsentgelt* au *Grundpreis*. *Sollzinsen* ni riba ya overdrafti, ambayo Wajerumani huiita kwa kifupi *Dispo*. Riba hii ni ghali, nayo mara nyingi haikatwi siku deni lilipotokea bali kwenye *Rechnungsabschluss*, yaani ufungaji wa hesabu, ambao kwa kawaida hufanyika kila robo mwaka. Ndiyo maana mtu aliyedaiwa Januari aweza kushangazwa na makato ya mwisho wa Machi. *Auslandseinsatzentgelt* ni ada ya kutumia kadi nje ya nchi au kwa sarafu isiyo euro.

Tarehe 27 Aprili 2021 Mahakama Kuu ya Shirikisho (*Bundesgerichtshof*) iliamua kwamba benki haiwezi kuhesabu ukimya wa mteja kuwa ni kukubali masharti mapya na ada mpya. Uamuzi huo uliwawezesha wateja wengi kudai fedha zao.

## Fedha zinazotumwa Afrika Mashariki

Uhamisho kwenda Dar es Salaam au Mombasa hauko ndani ya SEPA. Huandikwa *Auslandsüberweisung*, na ada yake inaweza kuwa kwenye mstari wake peke yake. Neno *SHARE* au *SHA* lina maana kwamba mtumaji hulipia benki yake na mpokeaji hulipia gharama nyingine. *OUR* lina maana kwamba mtumaji hulipa zote. Kwa *SHARE*, benki za katikati huweza kukata chao njiani. Makato hayo hayaonekani kwenye taarifa ya Ujerumani, kwa hiyo ndugu anayesema amepokea pungufu anaweza kuwa anasema kweli ilhali taarifa inaonyesha kiasi kizima.

Mstari wa aina hii mara nyingi hubeba maneno *AWV-MELDEPFLICHT BEACHTEN*. Si ada wala tuhuma. Ni ukumbusho kwamba malipo makubwa ya nje hutolewa taarifa Benki Kuu kwa ajili ya takwimu. Kiwango kilikuwa zaidi ya euro 12.500, na tangu Januari 2025 ni zaidi ya 50.000. Maneno hayo huonekana hata kwenye kiasi kidogo, na hapo mteja hana la kufanya.

## Kupinga makato

*Lastschrift* ya kawaida inaweza kurudishwa ndani ya wiki 8 tangu siku ya kukatwa, bila kutoa sababu. Benki nyingi zimeweka kitufe chake kwenye programu. Ikiwa idhini haikuwahi kutolewa, muda ni miezi 13. Makato ya kibiashara, *Firmenlastschrift*, hayana haki ya wiki 8.

Makato yakishindikana au yakirudishwa, taarifa huandika *Rücklastschrift*, wakati mwingine na namba ya sababu: *AM04* ni salio kutotosha, *AC04* akaunti kufungwa, na *MD06* mlipaji kuyarudisha mwenyewe.

Ufungaji wa hesabu wenye kosa hupingwa ndani ya wiki 6 baada ya kuupokea. Baada ya hapo huhesabiwa umekubaliwa, na anayepinga hubaki na kazi ya kuthibitisha kosa.

## Hali ya sasa

Tangu tarehe 9 Oktoba 2025 benki za nchi za euro zinatakiwa kutoa uhamisho wa papo hapo, *Echtzeitüberweisung*, kwa ada isiyozidi ya uhamisho wa kawaida, na kulinganisha jina la mpokeaji na IBAN kabla ya kutuma. Fedha hufika ndani ya sekunde 10, na benki ya mtumaji haiwezi kuivuta tena.