Mshiko, Wala Si Kuanguka

Kipeperushi cha huduma ya kwanza kwa familia za wenye kifafa huwa na ukurasa wa mwisho wa kujazwa: jedwali la kuweka kumbukumbu. Katika toleo moja lililomkera mwandishi wa makala haya, safu ya pili imeandikwa kichwa "Ameanguka mara ngapi?" Swali hilo litaeleweka Funyula bila maelezo, na Busia mjini na Malaba vilevile, maana kuanguka ndiyo njia ya heshima ya kuutaja ugonjwa huu pasipo kulitamka jina lake. Lakini ni swali baya. Anayelijibu kwa uaminifu ataacha nje nusu ya habari anayoihitaji daktari.

Lipo tukio ambalo mgonjwa haanguki kabisa. Mtoto anatazama mbele kama asiyeona, macho yanapepesa, sekunde 10 zinapita, naye anaendelea na kazi ya hesabu pasipo kujua kwamba alipotea. Mtu mzima anatafuna mate, anachezea vifungo vya shati, akiitwa haitiki. Mwingine mkono mmoja tu unarukaruka huku akili zake zikiwa timamu. Yote hayo ni kifafa, na hakuna hata moja litakaloingia chini ya safu ya "ameanguka".

Neno linalofaa ni mshiko. Halikubuniwa ofisini. Watu husema kifafa kimemshika, au ameshikwa. Kinachobaki ni kuligeuza tendo kuwa jina, jambo ambalo Kiswahili hulifanya kila siku. Hata Wayunani, ambao lugha nyingi za Ulaya zilichukua kwao jina la ugonjwa huu, walilitoa katika kitenzi epilambanein, yaani kushika, kukamata. Waarabu walifuata njia nyingine: sar'u yao inatokana na kuangusha chini. Hivyo mzozo wa mshiko na kuanguka ni wa kale kuliko kamati yoyote iliyowahi kuketi kusanifu istilahi, na katika mzozo huo Wayunani waliona mbali zaidi, kwa kuwa kila tukio la kifafa hushika, ila si kila tukio huangusha.

Wapinzani wa neno hili wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba mitaani mshiko ni pesa. Hoja hiyo haina uzito: hakuna mama atakayesoma "mshiko ulianza saa ngapi" juu ya jina la mwanawe akafikiri anaulizwa habari za mshahara. Ya pili ni nzito, kwamba mapepo nayo hushika watu, na neno litawarudisha wagonjwa kwa waganga. Lakini homa hushika, mafua hushika, na hayo hakuna anayeyapungia pepo. Wanaoliogopa neno hili wametupatia "mshtuko" badala yake, na hapo ndipo wamekosea vibaya. Mshtuko ni wa moyo, ni wa umeme, ni wa habari mbaya. Familia inayoambiwa mtoto alipata mshtuko itatafuta nani alimtisha. "Degedege" nalo lina mwenyewe: ni la mtoto mdogo mwenye homa, na katika Busia, ambako malaria haina msimu wa kupumzika, mtoto wa namna hiyo anapelekwa kupimwa siku hiyohiyo, hakai nyumbani akijaziwa jedwali.

Mtu akishikwa, jambo la kwanza ni kutazama saa. Kinachofuata ni kuondoa vinavyoumiza: jiko, mafiga, sufuria ya uji, panga. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola au kitambaa cha shingoni, na usimbane mikono wala miguu. Mdomoni usitie kitu. Ulimi haumezwi, kijiko huvunja meno, na kidole cha msaidizi huumwa hadi mfupa. Kurukaruka kukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke. Povu lile ni mate tu, haliambukizi, na anayeogopa kuligusa humwacha mgonjwa aungue motoni. Maji na dawa za kumeza zingoje mpaka aweze kusema jina lake na mahali alipo.

Mishiko mingi ya mwili mzima hukoma yenyewe ndani ya dakika 2 au 3. Mshiko ukifika dakika 5 bila kukoma, au wa pili ukianza kabla hajazinduka, hiyo ni dharura ya hospitali. Vivyo hivyo akiwa mjamzito, akiwa ameshikiwa majini, ameumia, au kama hajawahi kushikwa maishani. Kwa anayeishi vijiji vya kuelekea Sio Port, kutafuta gari kuanze palepale dakika ya 5, kwani mtu asiyejitambua hashikiliki vizuri juu ya pikipiki.

Sasa jedwali lenyewe. Tuseme msichana wa miaka 14 kutoka upande wa Nangina. Kwa safu ya "ameanguka", mwezi wake una alama moja. Kwa safu ya "mshiko", mama ameandika hivi: tarehe 3, 19:10 hadi 19:12, alikuwa akiosha vyombo, mkono wa kulia ulianza kuruka, kisha mwili wote, aliuma ulimi, akalala saa nzima. Tarehe 9, 06:40, mkono wa kulia pekee, nusu dakika, alisikia kila kitu. Tarehe 17, kama tarehe 9, na dawa ya jana yake jioni haikumezwa.

Mistari hiyo mitatu inasema mengi. Mishiko inaanzia upande uleule, kwa hiyo chanzo huenda kiko sehemu moja ya ubongo. Busia ni eneo la nguruwe wanaozurura, na watafiti wamelichunguza kwa miaka mingi kwa sababu ya tegu wa nguruwe. Mayai ya mnyoo huyo, yanayotoka katika kinyesi cha binadamu, yakimezwa kwa maji au mikono michafu, viluwiluwi vyake vinaweza kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Jedwali halithibitishi hilo, ila humpa daktari sababu ya kuagiza picha ya ubongo. Tena uchaguzi wa dawa hutegemea aina ya mshiko: kabamazepini husaidia mishiko inayoanzia sehemu moja, lakini yaweza kuzidisha ile ya mtoto kupotea kwa sekunde chache. Na mstari wa tarehe 17 unamzuia daktari kuongeza dozi wakati kosa lilikuwa kidonge kilichosahauliwa.

Saa iandikwe kama simu inavyoionyesha. Mama akisema "saa moja", muuguzi anaweza kuandika 01:00, na mshiko wa jioni ukageuka kuwa wa usiku wa manane. Daktari naye ataanza kuuliza habari za usingizi.

Safu sita zinatosha: tarehe, saa ya kuanza na kuisha, alikuwa akifanya nini, ulianzia wapi na ukaendaje, hali yake baadaye, na kama dawa ilimezwa. Usingizi uliokatika, homa, pombe na siku za hedhi viandikwe pembeni vinapokuwepo.

Wanaochapisha kipeperushi kwa ajili ya Samia na Teso wafute "ameanguka mara ngapi" na waandike "mshiko" juu ya safu hiyo, kabla ya toleo lijalo kwenda mtamboni.