Alama ya ubora ya TBS

Alama ya ubora ya TBS hutolewa na Shirika la Viwango Tanzania kuthibitisha kwamba bidhaa imetimiza kiwango chake. Tangu mwaka 2019 shirika hilo husajili pia majengo ya kusindika chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA.

Mjasiriamali mdogo, kwa mfano msindikaji wa siagi ya karanga, kwa kawaida huanzia SIDO, anakopata barua ya utambulisho. Kisha wakaguzi hutembelea jengo na kuangalia maji, sakafu, nyavu za madirisha, vyoo na vyeti vya afya vya wafanyakazi. Jiko linalotumiwa pia na familia mara nyingi hukwama hapa. Sampuli huchukuliwa na mkaguzi mwenyewe na kupelekwa maabara.

Kikwazo kikubwa cha karanga ni sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 isizidi 5. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kukaanga, hivyo hata siagi tamu iliyotoka katika jengo safi inaweza kukataliwa. Kinga iko mwanzoni: kununua karanga zilizokauka vizuri, kisha kuondoa zilizosinyaa au kubadilika rangi. Punje chache mbovu zikisagwa husambaza sumu katika mkupuo mzima.

Leseni huhusu bidhaa iliyopimwa tu. Msindikaji akianza kutengeneza achari, hawezi kuibandika alama aliyopewa kwa siagi, huomba upya.