Kuuza

Lubumbashi, mtu anayekwenda sokoni "kuuza" nyanya anakwenda kuzinunua; mwenye meza ndiye "anayeuzisha". Kwa hiyo programu ya duka iliyotafsiriwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam ikiandika "Uza" kwenye kitufe cha wafanyabiashara, mteja wa hapa atakibonyeza akitaka kununua, kisha atakutana na fomu ya kuorodhesha bidhaa. Wengi huondoka hapo hapo. Kwenye kitufe cha mnunuzi, mimi ningeandika "Lipa 20.000 FC": kitenzi hiki hakina utata, na kiasi kinaonekana kabla ya kidole kugusa.

Ujumbe wa hitilafu unahitaji uangalifu zaidi. "Kosa limetokea" humwacha mteja akiwaza pesa zake ziko wapi. Kama malipo yamekataliwa, sema: "Malipo hayakupita. Pesa zako hazijakatwa. Kikapu chako bado kipo." Lakini mtandao ukikatika kabla Airtel Money au M-Pesa haijajibu, hakuna ajuaye kama pesa zimekatwa, na kumhakikishia ni kumdanganya. Hapo andika: "Tunangoja jibu la malipo. Usilipe tena kwa sasa." Chini yake kiwepo kitufe kimoja tu, "Angalia malipo"; ukiweka "Jaribu tena", atalipa mara mbili.