Maikrofoni Mbili Katika Chumba Kimoja: Historia ya Kufuta Kelele kwa Kugeuza Awamu

Sauti husafiri hewani kama mfuatano wa kugandamizwa na kutawanyika kwa hewa, na maikrofoni huugeuza mfuatano huo kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa namna ile ile. Hapo ndipo linapozaliwa wazo linaloonekana jepesi: ikiwa mtu anazungumza katika chumba chenye kelele, na maikrofoni ya pili ikawekwa mbali naye ili inase kelele peke yake, basi rekodi hiyo ya pili yaweza kugeuzwa, kila kilele cha wimbi kiwe bonde na kila bonde liwe kilele, kisha ikajumlishwa na ya kwanza, ili kelele iliyomo katika rekodi zote mbili ijifute na kubakiza maneno. Kitendo hicho huitwa kugeuza awamu, kwa kuwa kwa wimbi la mlio mmoja matokeo yake ni sawa na kulisogeza wimbi nusu ya mzunguko wake, yaani nyuzi 180. Historia ya jambo hili yaonyesha kwamba kugeuza ndiyo nusu iliyokuwa rahisi, na kwamba iliyochukua miaka 40 na zaidi ni nusu ya pili: kuifanya rekodi ya rejea ifanane na kelele kama ilivyoifikia maikrofoni kuu.

Kutoka kwenye bomba hadi kwenye transfoma

Mwanzo wa maandishi ya jambo hili ni hataza ya Paul Lueg, Mjerumani aliyewasilisha ombi lake nchini mwake mwaka 1933 na kupewa hataza ya Marekani namba 2,043,416 tarehe 9 Juni 1936. Mchoro wake ulionyesha bomba ambamo sauti inapita, maikrofoni ikiwa mwanzoni mwa njia na spika ikiwa mbele yake. Kwa kuwa umeme hukimbia kwa kasi kubwa kuliko sauti, mashine ilipata muda wa kulisoma wimbi, kuligeuza na kulitoa kwenye spika wakati ule ule wimbi la asili lilipowadia. Bomba halikuchaguliwa kwa bahati, kwani ndani ya bomba jembamba sauti hufuata njia moja tu, na mtu akijua urefu wa njia hiyo amejua pia muda wa kusubiri.

Nje ya bomba mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika miaka ya 1950 William Conover wa kampuni ya General Electric alijaribu kuzima mvumo wa transfoma kubwa za umeme kwa kuziwekea spika. Katika nchi yenye umeme wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, transfoma huvuma kwa milio michache inayojulikana ya hezi 120, 240 na 360, kwa hiyo iliwezekana kurekebisha kwa mkono nguvu na awamu ya kila mlio mmoja mmoja. Kelele ilipungua, lakini ilipungua katika upande mwembamba tu uliolengwa, na marekebisho yaliyofaa sehemu moja hayakufaa sehemu nyingine. Jaribio hilo lilibainisha kilichokosekana, nacho ni kifaa chenye uwezo wa kujirekebisha chenyewe bila mkono wa mtu.

Kwa nini kutoa tu hakutoshi

Hesabu fupi yatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Tuseme chanzo cha kelele na maikrofoni mbili viko katika mstari mmoja, maikrofoni hizo zikiwa umbali wa mita 1 kutoka moja hadi nyingine, na kelele inazifikia kwa nguvu sawa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo rekodi moja itachelewa nyuma ya nyingine kwa milisekunde 2.9. Kwa mvumo wa hezi 50 ucheleweshaji huo ni nyuzi 52 za mzunguko, na baada ya kugeuza na kujumlisha hubaki asilimia 88 ya kimo cha wimbi, tofauti ambayo sikio halitaitambua kwa urahisi. Kwa mlio wa hezi 172, mita 1 ni nusu ya urefu wa wimbi, na kwa hiyo mawimbi yaliyokusudiwa kufutana huungana na kelele hutoka ikiwa na kimo maradufu.

Kanuni inayotokana na hesabu hiyo ni kwamba kutoa kwa namna hii huleta nafuu pale tu tofauti ya njia inapokuwa chini ya moja ya sita ya urefu wa wimbi. Kwa hezi 100 kikomo hicho ni sentimita 57, na kwa hezi 1000, mlio ulio ndani ya masafa ya usemi, ni chini ya sentimita 6. Anayetaka kimo cha kelele kishuke hadi moja ya kumi, kiasi ambacho wahandisi hukiita desibeli 20, hana budi kuzilinganisha njia mbili kwa nusu sentimita kwenye mlio huo wa hezi 1000. Ndiyo maana mtu anayeziweka rekodi mbili kwenye programu ya Audacity, akachagua amri ya `Invert` kwa mojawapo na kuzichanganya, mara nyingi husikia sauti yenye mashimo, kana kwamba inatoka kwenye mtungi, kwa sababu baadhi ya milio imepungua na mingine imeongezeka.

Zaidi ya hayo, chumba si bomba. Kelele huzifikia maikrofoni kwa njia ya moja kwa moja na kwa mamia ya njia nyingine baada ya kugonga kuta, dari na sakafu, na kila njia ina ucheleweshaji na nguvu yake. Tofauti baina ya rekodi mbili, kwa hiyo, haiwezi kuelezwa kwa namba moja ya muda na namba moja ya nguvu, bali kwa orodha ndefu ya namba.

Kichujio kinachojifunza

Orodha hiyo ilipata njia ya kuhesabiwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pale Bernard Widrow na mwanafunzi wake Marcian Hoff, ambaye baadaye alijulikana kwa mchango wake katika kubuni maikroprosesa za kampuni ya Intel, walipobuni kanuni ya kupunguza wastani wa mraba wa kosa. Rekodi ya rejea hupitishwa kwenye kichujio, ambacho hukusanya sampuli kadhaa za karibuni, huzidisha kila moja kwa namba yake iitwayo uzito, na kujumlisha majibu ili kupata makadirio ya kelele iliyofika kwenye maikrofoni kuu. Makadirio hayo hutolewa kwenye rekodi kuu, na kinachobaki ndicho kosa. Kisha kila uzito hurekebishwa hivi:

```
w(k+1) = w(k) + 2 μ e(k) x(k)
```

Hapa `w` ni uzito, `x` ni sampuli ya rejea, `e` ni kosa, na `μ` ni kipimo cha ukubwa wa hatua. Uzuri wa kanuni hii uko katika maana ya kosa lenyewe. Maneno ya msemaji hayana uhusiano na kelele ya rejea, kwa hiyo kichujio hakiwezi kuyatabiri wala kuyafuta. Kinachoweza kupunguzwa ni kelele peke yake, na kosa likishafikia udogo wake wa mwisho, kosa hilo ndilo usemi uliosafishwa.

Mfumo wa kwanza wa aina hii huko Stanford ulijengwa na wanafunzi mwaka 1965, nao ulikusudiwa kuondoa mvumo wa hezi 60 wa umeme wa majengo kwenye kipimo cha mapigo ya moyo. Desemba 1975 Widrow na wenzake wanane walichapisha makala iliyokusanya kazi hiyo yote, na humo lilielezwa jaribio la chumba. Mtu alizungumza kwenye maikrofoni kuu huku spika ikitoa mlio mkali wa umbo la pembetatu, wenye milio mingi ndani yake, ambao kwa sababu ya mwangwi ulikuwa na sura tofauti katika kila sehemu ya chumba. Maikrofoni ya rejea iliwekwa mahali pengine, na kichujio kilikuwa na uzito 16 tu. Kelele iliyofanya maneno yasieleweke ilishuka kwa desibeli 20 hadi 25, maneno hayakuharibika kwa kiasi cha kusikika, na maikrofoni zilipohamishwa mfumo ulijirekebisha upya katika muda wa sekunde chache.

Mipaka iliyojitokeza

Mafanikio ya uzito 16 yalitegemea jambo moja, nalo ni kwamba mlio wa jaribio ulikuwa wa kujirudia. Mzunguko wa jana na wa leo wa mlio kama huo unafanana, kwa hiyo ucheleweshaji wa njia haukuwa na madhara, na kila mlio ulihitaji uzito mbili tu ili kupata kimo na awamu yake. Mwaka 1980 Steven Boll na Dennis Pulsipher walipochapisha utafiti wao juu ya kelele na usemi katika chumba chenye mwangwi mwingi, walionyesha kwamba kichujio hakina budi kuwa kirefu sana ili kiufuate mwangwi. Sababu yake ni wazi: mwangwi wa sekunde 0.2, ukipimwa kwa sampuli 8000 kwa sekunde, huhitaji uzito 1600. Walipata punguzo la desibeli 20 au zaidi, lakini walibaini pia kwamba kichujio kirefu kisipotulia vizuri huuongezea usemi mwangwi mpya, na anayesikia mkia wa mwangwi nyuma ya maneno yafaa apunguze `μ`, ingawa kujifunza kutachukua muda mrefu zaidi.

Mpaka wa pili ni kuvuja kwa maneno ndani ya rejea. Makala ya 1975 ilithibitisha kwamba, katika hali bora kabisa, uwiano wa usemi kwa kelele kwenye matokeo ni kinyume cha uwiano huo kwenye rejea: rejea ikiwa na usemi wenye moja ya kumi ya nguvu ya kelele, usemi kwenye matokeo hauwezi kuizidi kelele kwa zaidi ya mara 10. Kusogeza maikrofoni ya rejea mbali na msemaji hupunguza kuvuja, lakini huzaa mpaka wa tatu, kwa sababu kelele inayotoka pande zote kwa pamoja, kama ile ya umati, hupoteza ulinganifu baina ya sehemu mbili zikishatengana kwa takriban nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 17 kwa hezi 1000. Kisicholingana hakifutiki kwa kichujio chochote. Ulinganifu hupimwa kati ya 0 na 1 kwa kila mlio, katika kipande ambacho msemaji amenyamaza: ukiwa 0.99 punguzo la juu kabisa ni desibeli 20, na ukiwa 0.5 ni desibeli 3 tu.

Mpaka wa mwisho huwapata wanaotumia vinasa sauti viwili visivyounganishwa. Saa za vifaa hivyo zikitofautiana kwa sehemu 20 kwa milioni, baada ya dakika moja rekodi zitakuwa zimeachana kwa milisekunde 1.2, zaidi ya mzunguko mzima wa hezi 1000, na dalili yake ni kelele inayofutika mwanzoni kisha ikarudi taratibu. Dawa ni kuziingiza maikrofoni zote mbili kwenye kinasa kimoja, kila moja kwenye njia yake.

Kanuni hiyo hiyo ya kichujio kinachojirekebisha ilistawi zaidi pale ambapo mipaka hii haipo. Mwaka 1967 Mohan Sondhi wa Bell Labs alieleza kifaa cha kufuta mwangwi wa simu, ambamo rejea ni ishara ya umeme ya mtu wa upande wa pili kabla haijarudi kama mwangwi. Ishara hiyo haijachanganyika na maneno ya msemaji, wala hakuna kelele nyingine iliyoingia ndani yake. Kwa hiyo mtu anayetaka kuondoa sauti ya redio au televisheni kwenye mazungumzo yaliyorekodiwa hupata rejea bora zaidi katika nakala ya matangazo yenyewe kuliko katika maikrofoni ya pili, na atumie maikrofoni ya pili pale tu ambapo chanzo cha kelele ni kimoja, kinajulikana kilipo, na chaweza kukaribiwa.