Barua pepe ya kumpokea mwenzetu anayerudi kazini baada ya matibabu ya saratani

Mfanyakazi aliyekuwa kwenye likizo ndefu ya ugonjwa anapokaribia kurudi, mkuu wa kitengo huwaandikia wenzake barua pepe fupi, kwa kawaida siku moja au mbili za kazi kabla hajaripoti. Barua hiyo hueleza kazi zitakavyogawanywa. Ugonjwa ni habari ya mwenyewe, na barua ikianza kuusimulia imeshatoka nje ya shughuli yake.

Sheria nayo iko upande wa mgonjwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kwa kawaida hazitumiki bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Kenya ina msimamo wa karibu na huo katika sheria yake ya mwaka 2019. Kwa hiyo rasimu hufika kwanza kwa anayerudi, walau wiki moja kabla, naye akafuta au kubadili neno lolote. Kumwuliza kwa simu, "Nikiwaambia wenzako hutajali?" hakutoshi, kwa sababu hajui utawaambia nini. Anaridhia maneno anayoyaona.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa dawati la malipo, tumwite Dada R., aliyefanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa tezi za kwapani, kisha akapata dripu za kemikali na mionzi. Anarudi na mambo mawili yatakayogusa kazi. La kwanza ni uchovu usioisha kwa kulala usingizi mzuri, ambao unaweza kudumu miezi mingi baada ya matibabu. La pili ni mkono ambao, tezi zikishaondolewa, unaweza kuvimba, hivyo ameshauriwa asianze kwa kubeba mizigo mizito. Mkuu wake anayajua yote mawili, kwa kuwa Dada R. alimweleza. Barua haitaji hata moja:

"Ndugu zangu, Dada R. anarudi Jumatatu. Kwa wiki nne za kwanza atakuwa ofisini saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Maombi ya malipo yamfikie kabla ya saa 5. Yatakayochelewa yaende kwa msaidizi wake. Kuanzia sasa maboksi ya mafaili yataletwa na mhudumu wa stoo kwa kitengo kizima. Ameniomba niwaambie kwamba anawashukuru kwa salamu zenu, na kwamba angependa mazungumzo ya ofisini yawe ya kazi. Mwenye swali kuhusu mpangilio huu aniulize mimi."

Uchovu umegeuka saa za kazi, na mkono umegeuka utaratibu wa stoo unaomhusu kila mtu. Mkuu angeandika "asibebe kitu kwa mkono wa kushoto," nusu ya ofisi ingejua ni titi lipi. Vilevile hakuandika "amepona kabisa." Si yeye wa kulisema hilo, kwani kliniki za ufuatiliaji huendelea kwa miaka, na siku Dada R. akiomba ruhusa ya kwenda kliniki wenzake wataanza kunong'ona.

Mahali penye uzito zaidi kwetu ni pole. Kwetu, kunyamaza mbele ya mgonjwa ni utovu wa utu, na barua inayosema tu "msimwulize" itawafanya watu wamkwepe kwenye korido. Ndiyo maana mkuu humwuliza mwenyewe anataka kupokewaje: salamu ya kawaida, kadi moja ya wote, au chai ya pamoja. Wapo wanaotaka saratani itajwe wazi ili wasirudie maelezo kwa kila mtu. Hao watajiwe, kwa maneno yao wenyewe. Ikiwa uvumi umeshatangulia na mwenyewe hajaridhia, mkuu hauthibitishi wala haukanushi, aulizwapo hujibu, "Habari za afya yake ni zake."

Kichwa cha barua nacho huvujisha siri, maana huweza kuonekana kwenye kioo cha simu hata ikiwa imefungwa. "Mpangilio wa dawati la malipo kuanzia Jumatatu" kinatosha. Anwani za wapokeaji huwekwa kwenye Bcc, ili pole ya mmoja isigeuke maswali ya thelathini. Dada R. hutumiwa nakala yake peke yake, na ridhaa yake huhifadhiwa na afisa rasilimali watu, si kwenye jalada la kitengo linalofunguliwa na kila mtu.

Wiki nne zikikaribia kwisha, mkuu hukaa naye tena. Saa zikiongezwa au zikibaki zilezile, barua ya pili huandikwa, ya mistari miwili mitatu, nayo pia aisome yeye kwanza.