Hipoglisemia ya baada ya kula

Hipoglisemia ya baada ya kula ni hali ambayo kiwango cha sukari katika damu hushuka kupita kiasi saa chache baada ya mlo, kwa kawaida kati ya saa 2 na 5. Neno hipoglisemia limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "chini", "tamu" na "damu". Mtu mwenye hali hiyo hutetemeka mikono, hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio na hushikwa na njaa ya ghafla, ingawa alikula asubuhi hiyohiyo.

Dalili hizo za mwanzo hazitokani na upungufu wa sukari moja kwa moja. Husababishwa hasa na homoni na neva ambazo mwili huziamsha ili kurudisha sukari mahali pake.

## Sukari ya damu na ubongo

Sukari kuu ya damu ni glukosi. Kwa mtu mzima mwenye afya ambaye hajala tangu usiku, kiwango chake huwa takriban milimoli 4 hadi 5.5 kwa kila lita ya damu (mmol/L), yaani takriban miligramu 70 hadi 99 kwa desilita (mg/dL). Katika damu yote ya mwili kiasi hicho ni kama gramu 5 tu, kijiko kimoja cha chai.

Akiba hiyo ndogo hulindwa sana kwa sababu ya ubongo. Misuli inaweza kutumia mafuta, lakini ubongo kwa kawaida hutegemea glukosi, na hauna akiba ya kutosha ya kwake. Kwa hiyo damu lazima iufikishie glukosi wakati wote.

Baada ya mlo, wanga huvunjwa tumboni na katika utumbo kuwa glukosi inayoingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoruhusu misuli na mafuta ya mwili kuchukua glukosi na inayoliamuru ini kuiweka akiba kama glikojeni. Sukari ikianza kushuka, insulini hupunguzwa. Hipoglisemia ya baada ya kula hutokea pale insulini inapokuwa nyingi mno, au inapochelewa na kuendelea kufanya kazi wakati chakula kimeshakwisha kufyonzwa.

## Jinsi dalili zinavyotokea

Mwili hujilinda kwa hatua. Sukari inapokaribia 4.5 mmol/L, kongosho hupunguza insulini. Ikishuka chini ya takriban 3.8 mmol/L, kongosho hutoa glukagoni, homoni inayoliamuru ini kuvunja glikojeni na kumwaga glukosi katika damu. Wakati huohuo tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini. Hatua hizo mara nyingi hutangulia dalili, ambazo kwa watu wengi huanza kusikika karibu na 3 mmol/L.

Adrenalini hulisaidia ini kutoa sukari, lakini pia hugusa viungo vingine. Katika misuli huleta mtetemeko wa mikono, na katika moyo huleta mapigo ya haraka na yenye nguvu. Mishipa ya damu ya ngozi hubana, hivyo uso hupauka.

Jasho lina njia tofauti. Huamshwa na neva zinazotoa kemikali iitwayo asetilikolini kwenye tezi za jasho. Ndiyo sababu mtu anayetumia dawa za kuzuia adrenalini, kama vile propranololi, anaweza asitetemeke wala kusikia moyo ukienda mbio, lakini jasho likabaki kuwa ishara. Njaa ya ghafla nayo huletwa na neva pamoja na ubongo wenyewe, unaomsukuma mtu kutafuta chakula.

Sukari ikishuka zaidi, ubongo huanza kukosa mafuta yake. Dalili hubadilika: mtu huchanganyikiwa, huona ukungu, husema maneno yasiyoeleweka au hukasirika bila sababu. Katika hali kali huweza kupata degedege na kupoteza fahamu. Kwa watu wenye hali ya baada ya kula, mara nyingi glukagoni na adrenalini hurudisha sukari kabla ya kufika hapo.

## Mfano

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Mtu ambaye yuko karibu kupata kisukari anakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari na kula mandazi matatu saa 1 asubuhi. Kongosho lake huchelewa kuitikia, hivyo saa 2 sukari yake imefika 10 mmol/L. Insulini nyingi inafika kilele karibu saa 3, wakati chakula kinaelekea kwisha kufyonzwa. Saa 4 sukari ni 4.6, na saa 5 ni 2.9. Sasa anatetemeka, shati limelowa jasho na anatamani kitu kitamu.

Akinywa soda peke yake atapata nafuu haraka, lakini sukari inaweza kupanda na kushuka tena baadaye. Ndiyo sababu chakula chenye protini, kama vile maharage au yai, kinapaswa kufuata.

## Sababu

Sababu inayojulikana zaidi ni upasuaji wa tumbo, hasa ule wa kupunguza uzito. Baada yake chakula hufika kwenye utumbo upesi, sukari hupanda ghafla, na homoni za utumbo huichochea kongosho kutoa insulini kupita kiasi. Hali ya kukaribia kisukari ni sababu nyingine. Kwa watu wengi, hata hivyo, sababu haipatikani.

Hali hii hutofautiana na ile inayotokea mtu akiwa na njaa ya muda mrefu au usiku. Hapo huchunguzwa pombe, magonjwa ya ini, uvimbe wa kongosho unaotoa insulini na dawa za kisukari. Kwa wanaotumia insulini au glibenklamidi, sukari inaweza kushuka wakati wowote, na baada ya glibenklamidi inaweza kushuka tena saa nyingi baadaye.

## Utambuzi

Wasiwasi, hofu, uchovu na kahawa nyingi huweza kuleta mtetemeko na jasho sawasawa na haya. Kwa hiyo dalili pekee hazitoshi. Allen Whipple, daktari mpasuaji wa Marekani, alitoa katika miaka ya 1930 masharti matatu yanayotumika hadi leo: kuwepo kwa dalili, sukari ya chini iliyopimwa wakati wa dalili, na dalili kuondoka sukari inapopanda.

Jaribio la kunywa maji ya glukosi halipendekezwi, kwa kuwa baadhi ya watu wenye afya hushuka sana bila dalili. Hutumiwa mlo wa kawaida uliochanganywa, na damu hupimwa kwa saa 5.

## Huduma na kinga

Mtu aliye macho hupewa takriban gramu 15 za sukari, yaani vijiko vya chai 3 hadi 4 katika maji au mililita 150 za soda yenye sukari. Hupimwa tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini huduma hurudiwa. Asiye na fahamu hasipewe kitu mdomoni, maana anaweza kupaliwa. Hulazwa ubavu na kupelekwa hospitali.

Kinga kubwa ni kula milo midogo mara kwa mara, kupunguza vinywaji vitamu na unga mweupe, na kuchanganya wanga na protini, mboga na mafuta, ili glukosi iingie katika damu polepole na insulini isipande ghafla.